Nyimbo na podkasti ulizopakua zikigoma safarini: dalili, sababu na la kufanya

Malalamiko haya huniletewa karibu kwa maneno yale yale: "Nyumbani ilikuwa inapiga vizuri, fundi. Tulipoacha mji tu, ikanyamaza." Mwenye simu huwa ameshaamua kwamba simu imeharibika. Wengine huwa wameshaifuta programu na kuiweka upya, na hapo wamefuta hata kile kidogo kilichokuwemo. Mara nyingi simu ni nzima. Kilichokosekana ni kimoja kati ya vitu viwili, na ukiweza kuvitenganisha kazi inabaki nusu.

Cha kwanza ni faili yenyewe, yaani sauti iliyohifadhiwa ndani ya simu. Cha pili ni kibali. Huduma za muziki za kulipia, kama Spotify, YouTube Music na Apple Music, hazikuuzii wimbo uwe mali yako. Zinakuwekea faili iliyofungwa, na programu huifungua kwa muda ule tu ambao akaunti yako inatambulika kuwa hai. Podkasti nyingi hazina kufuli hilo. Kipindi ni faili ya kawaida, aghalabu MP3, na ukikipakua kwa programu kama AntennaPod kinakaa mpaka kifutwe. Kwa hiyo muziki unaweza kugoma huku faili zote zipo, lakini podkasti ikigoma, karibu kila mara faili haipo au haikukamilika.

Neno moja kabla hatujaanza: haya yote hufanywa gari likiwa limesimama, au na abiria. Hakuna wimbo unaostahili kutafutwa kwa kidole huku mkono mmoja uko kwenye usukani.

Dalili ya 1: Ilipiga nyumbani, barabarani imenyamaza

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kwamba nyimbo hazikupakuliwa kabisa. Programu za muziki huhifadhi kwa siri vipande vya nyimbo unazozipiga mara kwa mara ili zisizivute upya kila siku. Hiyo huitwa akiba ya muda, na ndiyo inayowadanganya watu. Unazima intaneti, wimbo wako mpendwa unapiga, unaridhika. Kesho, kilomita mia mbili mbele, ule unaofuata kwenye orodha haupo. Kuweka moyo kwenye wimbo au kuuongeza kwenye orodha si kuupakua. Tafuta alama ya mshale unaoelekea chini, uliojaa rangi, mbele ya kila wimbo. Alama iliyo juu ya orodha nzima haitoshi, kwa sababu orodha ya nyimbo 200 inaweza kuwa imeshuka 140 tu. Telezesha orodha hadi mwisho kwa macho yako mwenyewe.

Kwa Spotify kuna jambo jingine linalowashangaza wengi: akaunti ya bure hupakua podkasti lakini haipakui orodha za nyimbo. Kama podkasti zote zinapiga na muziki wote umegoma, angalia kwanza kama malipo ya Premium bado yapo.

Sababu ya pili ni mtandao dhaifu, na hii ndiyo ninayoomba uielewe vizuri, kwa maana hata mafundi huipita. Mtandao dhaifu ni mbaya kuliko kukosa mtandao. Simu ikikosa mtandao kabisa, programu inajua iko peke yake na inageukia vilivyopakuliwa. Simu ikiwa na kijisehemu kimoja cha mtandao kinachokuja na kuondoka, programu inaamini iko hewani. Inatuma ombi kwa seva, inangoja jibu, jibu haliji, inatuma tena. Wewe unachokiona ni kiduara kinazunguka, na nyimbo zimelala ndani ya simu muda wote huo.

Dawa ni kuiambia programu waziwazi kwamba hakuna mtandao. Spotify ina swichi ya Offline mode ndani ya mipangilio yake, nayo ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu simu zinaendelea kuingia na ramani inaendelea kupata taarifa za foleni. Programu isiyo na swichi hiyo, zima data ya simu tu. Hali ya ndegeni ni njia ya mwisho. Inafanya kazi, lakini hakuna atakayekupata kwa simu, na huenda ukalazimika kuwasha Bluetooth upya ndipo redio ya gari iitambue simu. GPS kwa simu nyingi huendelea kufanya kazi ukiwa hali ya ndegeni, ila ramani yenyewe uwe umeipakua kabla, la sivyo utaona doti ya buluu inaelea juu ya karatasi tupu.

Sababu ya tatu ni kibali kilichokwisha muda. Spotify hutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na YouTube Music hivyo hivyo. Anayepatwa na hili ni yule mwenye simu ya zamani aliyoifanya redio ya gari: hana laini ndani yake, aliijaza nyimbo mara moja, akaisahau kwenye kisanduku cha gari. Mwezi unapita, siku moja nyimbo zote zimefifia rangi. Iunganishe na Wi-Fi, fungua programu, iache wazi dakika chache na upige wimbo mmoja. Kama programu haijaanza kuzifuta zenyewe, zitarudi bila kupakuliwa upya.

Inayofuata ni idadi ya vifaa. Spotify inaruhusu kupakua kwenye vifaa 5 kwa akaunti moja, hadi nyimbo 10,000 kila kimoja. Ukipakua kwenye kifaa cha sita, vilivyopakuliwa kwenye kile ambacho hakijatumika kwa muda mrefu zaidi huondolewa. Katika nyumba ambayo akaunti moja imeingizwa kwenye simu ya baba, ya mama, tableti ya watoto, kompyuta na simu mbili za zamani, kifaa hicho cha kuondolewa huwa ndicho kile cha safari, kwa kuwa ndicho kinachoguswa kwa nadra.

Ukishapita hayo yote, jaribio linalomaliza ubishi ni hili, nalo hufanywa usiku wa kuamkia safari. Zima Wi-Fi na data. Ifunge programu kabisa kwa kuitupa kutoka kwenye orodha ya programu zilizo wazi, kisha ifungue tena, maana programu iliyobaki wazi hubeba kumbukumbu ya mtandao uliokuwepo. Piga wimbo wa kwanza wa orodha, wa katikati na wa mwisho. Kwa podkasti, sogeza kidoti hadi dakika ya mwisho ya kipindi, kwa sababu kipindi kilichoshuka nusu hupiga mwanzo wake vizuri kabisa. Ni kazi ya dakika tatu.

Kama jaribio hilo limefaulu kwenye simu lakini kioo cha redio ya gari kinaonyesha ukurasa mtupu, tatizo si faili. Android Auto na CarPlay huonyesha kwanza mapendekezo yanayotoka mtandaoni. Nenda kwenye maktaba, kisha kwenye vilivyopakuliwa. Au, rahisi zaidi, anza kupiga orodha kwenye simu yenyewe kabla ya kuingiza waya.

Dalili ya 2: Upakuaji umesimama, hausogei

Hapa kuna sababu tatu zinazorudi, na zote huangaliwa bila kifaa chochote. Mara nyingi programu imewekewa kupakua kwa Wi-Fi peke yake. Wewe uko kwenye bando, yenyewe inangoja Wi-Fi, na neno linaloonekana ni *Waiting*. Ama tafuta Wi-Fi, ama ruhusu kupakua kwa data ya simu ukijua bando litaliwa kiasi gani. Hesabu yake iko kwenye dalili ya 3.

Pili, nafasi imekwisha. Programu nyingi hazisemi hivyo, zinasimama tu. Spotify inashauri kuwe na angalau GB 1 iliyo wazi, na mimi sianzi kutafuta ubovu mwingine kabla ya kuhakikisha hiyo GB ipo.

Tatu, simu imeilaza programu. Ukizima kioo, kiokoa betri hukata kazi zinazoendelea nyuma ya pazia, na simu za baadhi ya watengenezaji ni wakali mno katika hili. Unaacha simu inapakua saa nne usiku, unaamka asubuhi nyimbo 12 tu ndizo zimeshuka. Iweke simu kwenye chaji, zima Kiokoa Betri na Kiokoa Data, na ndani ya mipangilio ya programu hiyo chagua betri isiwekewe mipaka. Au fanya nilivyozoea mimi: acha programu wazi, kioo kikiwaka, simu mezani kwenye chaji, uende ukapange mizigo.

Wi-Fi ya hoteli au ya kituo cha mafuta ina mtego wake. Simu inaonyesha imeunganishwa, lakini ukurasa wa kukubali masharti haujafunguliwa, kwa hiyo hakuna kinachopita. Fungua kivinjari kwanza, uone kama kuna ukurasa wowote unaofunguka.

Dalili ya 3: "Nafasi imejaa"

Hesabu kwanza, kufuta baadaye. Ukubwa wa faili ya sauti unategemea vitu viwili tu, urefu na ubora, na ubora hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Kilobiti 160 kwa sekunde, kiwango ambacho Spotify inakiita *High*, kinakula takriban MB 1.2 kwa dakika, yaani MB 72 kwa saa. Kilobiti 320, yaani *Very high*, ni mara mbili yake, MB 144 kwa saa. Kilobiti 96, yaani *Normal*, ni kama MB 43. Podkasti ya maneno matupu yenye kilobiti 128 inakula karibu MB 58 kwa saa.

Hivi majuzi dereva mmoja aliniletea simu ya GB 64. Alikuwa na safari ya saa 11 kwenda na 11 kurudi, na simu ilikuwa imebakiwa na GB 1.9. Alitaka orodha ya nyimbo 300 na vipindi 8 vya podkasti vya saa moja moja. Nyimbo 300 za dakika nne nne ni dakika 1,200, sawa na saa 20. Programu yake ilikuwa kwenye *Very high*, kwa hiyo orodha hiyo ingetaka karibu GB 2.9. Ndiyo maana ilikuwa inafika theluthi mbili inasimama, naye anaifuta na kuanza upya. Alishafanya hivyo mara tatu, na bando lake lilikwenda na maji.

"Sasa fundi, si ninunue simu nyingine tu?"

Tulianza na ubora. Ndani ya gari linalokwenda, na ngurumo ya matairi na upepo wa dirishani, sijakutana na mtu aliyeweza kuniambia kwa uhakika kama anasikia 320 au 160. Tukaondoa orodha kwenye vilivyopakuliwa, tukashusha ubora wa kupakua hadi *High*, kisha tukaanza upya. Mpangilio huo ni muhimu: ukibadilisha ubora bila kuondoa vya zamani, huwezi kuwa na hakika kipi kiko kwa kiwango kipi. Orodha sasa inataka GB 1.4. Podkasti 8 ni MB 460. Jumla GB 1.9, na hiyo ndiyo nafasi yote aliyonayo, yaani bado haitoshi, kwa sababu simu isiyobakiwa na kitu huanza kugoma hata kupiga picha.

Hapo ndipo tukafungua ukurasa wa nafasi ya hifadhi. Programu ya podkasti peke yake ilikuwa imeshika GB 3.4. Vipindi vitatu alivipakua vikiwa na video, karibu GB 1 kila kimoja, na alikuwa akivisikiliza huku simu iko mfukoni! Tukaviondoa na kuchagua sauti pekee. Kisha WhatsApp: Settings, Storage and data, Manage storage. Video zilizosambazwa kwenye makundi zilikuwa GB 6 na ushee, na nyingi hakuwahi hata kuzifungua. Alipitia mwenyewe, akabakisha za watoto wake, akafuta zilizobaki. Aliondoka na orodha yake yote, vipindi vyake vyote, na GB 8 wazi. Simu mpya haikununuliwa.

Ukifuta na nafasi isiongezeke, usishangae. Picha na video zilizofutwa huenda kwanza kwenye pipa la taka. Kwenye iPhone hukaa ndani ya *Recently Deleted* hadi siku 30, na Google Photos ina pipa lake pia. Limwage pipa hilo, baada ya kulikagua, ndipo nafasi irudi.

Kuna vitufe viwili vinavyokaa jirani na vinavyochanganywa kila siku. Clear cache, kwa Kiswahili Futa akiba, huondoa vipande vya muda, na kwa kawaida nyimbo ulizopakua hubaki. Clear storage au Clear data huondoa kila kitu: vilivyopakuliwa, mipangilio, hata kuingia kwako. Usiguse cha pili ukiwa njiani. Kwenye iPhone hakuna kitufe cha akiba kwa kila programu. Kuna Offload App, inayoondoa programu na kuacha data zake, na Delete App, inayoondoa vyote.

Simama hapa kama simu imejaa kiasi cha kujizima na kujiwasha yenyewe, au inaishia kwenye nembo ya mtengenezaji bila kuendelea. Usikubali ushauri wa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani iwapo picha zako hazina nakala kwingine. Mpelekee fundi ikiwa hivyo hivyo ilivyo, na umwambie neno la kwanza kwamba unataka data.

Dalili ya 4: Vipindi vimetoweka vyenyewe

Aliyefuta ni programu yenyewe, kwa ruhusa uliyoitoa bila kujua. Apple Podcasts, isipozuiwa, huondoa kipindi kilichopakuliwa saa 24 baada ya kukimaliza kukisikiliza. Hilo halina ubaya mpaka siku utakapotaka kurudia. Baya zaidi ni mpangilio wa kubakisha vipindi vipya tu. Mtu anaanza mfululizo wa hadithi kutoka sehemu ya 1, anapakua sehemu 10, na programu imeambiwa ibakishe 5 za mwisho. Usiku sehemu mpya inatoka, programu inapakua hiyo na kufuta za mwanzo. Asubuhi anakuta ana mwisho wa hadithi bila mwanzo wake.

Kabla ya safari, ingia kwenye mipangilio ya podkasti husika, si ya programu nzima tu, na uangalie mambo mawili: upakuaji wa moja kwa moja na ufutaji wa moja kwa moja. Vizime vyote viwili mpaka urudi. Upakuaji wa moja kwa moja ndio pia unaojaza simu kimyakimya. Umejiandikisha kwenye podkasti 12, kila moja inatoa vipindi viwili kwa wiki, na kwa mwezi una vipindi karibu 100 usivyovisikiliza.

Mshukiwa mwingine ni zile programu za kusafisha simu. Zinaahidi kuongeza kasi, na kazi yao kubwa ni kufuta mafaili makubwa ambayo hayajafunguliwa karibuni. Kipindi cha saa mbili unachokitunza kwa ajili ya safari ya Jumamosi kinaonekana kwao kama taka. Mimi huziondoa kwenye kila simu ninayoombwa kuitengeneza, nikishamweleza mwenyewe.

Dalili ya 5: Kipindi kinakatika katikati, kinaruka au kinarudia sentensi

Kama kinakatika mahali pale pale kila mara, faili haikukamilika. Ondoa kipindi, pakua upya ukiwa kwenye Wi-Fi iliyotulia, sogeza hadi mwisho, sikiliza.

Kuna aina ya kuruka inayochanganya akili. Mtangazaji yuko katikati ya neno, ghafla umo katikati ya tangazo, au sentensi iliyokwisha inarudi. Podkasti nyingi za kibiashara hupachikiwa matangazo na seva wakati ule ule unapopakua, kwa hiyo faili uliyopata saa mbili inaweza kuwa na urefu tofauti na ya saa tatu. Upakuaji ukikatika nusu na kuendelea baadaye, simu inaomba kipande cha pili kutoka kwenye faili ambayo si ile ile tena. Vipande viwili havioani. Hakuna mpangilio wa simu unaotibu hili. Futa chote na upakue kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana sishauri kupakua podkasti gari likiwa linakwenda, ukidandia mtandao wa kila kituo.

Kama vipindi vyote vinakatikakatika, hata vile vilivyokuwa vizima jana, acha faili na uangalie muunganisho na redio. Zima Bluetooth, piga kwa spika ya simu. Ikipiga vizuri, kosa liko kati ya simu na gari: iondoe simu kwenye orodha ya Bluetooth ya redio, iondoe redio kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, unganisha upya. Ukitumia waya, badilisha waya kabla ya kubadilisha chochote kingine.

Dalili ya 6: Kadi ya kumbukumbu haisomwi, au nyimbo zilizo ndani yake zimeharibika

Hii ni kwa simu za Android zenye nafasi ya kadi. Barabara mbovu hutikisa, na kadi iliyokaa kwa ulegevu hupotea kwa sekunde chache kisha inarudi. Programu ya muziki haijui kwamba ni mtikisiko. Inaona tu kuwa hifadhi haipo, na baadhi huanza kupakua kila kitu upya kwenye simu yenyewe. Zima simu, toa kadi, futa viunganishi vyake vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe, washa. Kisha angalia ndani ya programu kama mahali pa kuhifadhi bado ni kadi.

Kama nyimbo za mwanzo zinapiga na zilizoongezwa baadaye zote ni mbovu, shuku kadi ya bandia. Imeandikwa GB 256, ndani ina 32. Inapokea kila unachoiwekea bila kulalamika, ila vinavyozidi uwezo wake havihifadhiwi. Kwenye Windows programu ya H2testw hupima hilo. Kwenye Linux ipo F3, na amri zake ni mbili:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Badilisha `/media/kadi` iwe njia halisi ya kadi yako. Amri ya kwanza hujaza nafasi iliyo wazi kwa mafaili ya majaribio, ya pili huyasoma na kukuambia kiasi gani kimepotea. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa. Ikionekana ni bandia hakuna tiba, itoe kabisa kwenye simu.

Simama hapa kama simu inasema kadi imeharibika na inakuomba uifomati, na ndani kuna picha ambazo huna nakala yake. Usibonyeze kitufe hicho, wala usijaribu kupakua kitu kingine juu yake. Toa kadi, iweke mahali pakavu, umtafute fundi wa kurejesha data. Nyimbo hupakuliwa upya, picha hazipakuliwi.

Dalili ya 7: Simu inapata moto na muziki unakatika

Simu iliyo mbele ya kioo cha gari, jua likiipiga, ikichajiwa, ikionyesha ramani na kupiga muziki kwa wakati mmoja, itapata joto hata ikiwa mpya. Ikizidi, hupunguza kasi, hukata chaji, na mwishowe hujizima. Ihamishie kwenye kivuli au karibu na tundu la hewa baridi, ivue kava, chomoa chaji kwa muda. Usiitie kwenye friji wala kwenye kisanduku cha barafu: unyevu unaojikusanya ndani ndio utakaoiua.

Kama kioo kimeanza kunyanyuka ukingoni, au mgongo wa simu umevimba na haulali sawa mezani, betri ndiyo iliyovimba, na hapo kazi yako imeishia. Zima simu, usiichaji tena, usiubonyeze mgongo urudi, usiitoboe, wala usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, ikiwa imelala kwenye kitu kisichoshika moto.